Tumeuza nyumba ya Rau, na mama ana mtoto amelala chini ya mparachichi

*Shikamoo mama.*

*Mimi ni kifungua mimba. Baba alipofariki, kikao cha familia kilinipendekeza niwe msimamizi wa mirathi na mahakama ikanithibitisha. Nyumba yetu iko Rau, hapa Moshi mjini, kwenye kiwanja kilichopimwa na chenye hati. Mama magoti yanamsumbua na anaishi peke yake, kwa hiyo tulikubaliana tuuze, yeye ahamie Kibosho kwenye kihamba, shamba la ukoo alikozikwa baba, ambako anakaa mdogo wetu wa mwisho. Mama alikubali na muhtasari aliusaini.*

*Wanunuzi ni mke na mume, bado vijana, wana watoto wadogo. Bei ni shilingi milioni 80. Wameshatoa milioni 60, na hizo tumegawana kama mirathi inavyotaka. Milioni 20 zilizobaki watalipa siku tutakapowakabidhi funguo, Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu.*

*Juzi nilienda kumsaidia mama kufunga vyombo. Alikuwa amekaa jikoni, funguo zote ziko kwenye khanga mapajani. Akanipa moja moja: ya mlango wa mbele, ya geti, ya stoo, na ile ndogo ya kufuli ya banda la kuku ambayo imeliwa na kutu. Ya mlango wa nyuma akabaki nayo mkononi. Nikamwambia, mama, na hiyo pia. Akasema: "Hii nikiitoa, mtoto wangu namwacha na nani?"*

*Ndipo akanisimulia. Mwaka 1986 alijifungua mtoto wa kiume aliyeishi siku 4. Hakuwahi kubatizwa. Baba na jirani mmoja, ambaye naye ni marehemu sasa, walimzika nyuma ya jiko jioni. Baba akapanda isale, mmea ambao sisi Wachaga huweka alama nao, na baadaye mparachichi pembeni yake. Mimi nilikuwa mdogo, nikaambiwa mtoto amebaki hospitali. Wadogo zangu hawakuwahi kusikia lolote.*

*Wanunuzi walishatuambia watakata huo mti na kujenga vyumba 3 vya kupangisha mahali hapo. Kaka anayenifuata anasema tunyamaze, mambo ya mwaka 1986 hayamhusu mtu. Mgao wake ameshauweka kwenye Fuso. Dada anasema tuvunje mauzo. Mama mwenyewe hasemi tusiuze, ila hataki mtoto afukuliwe. Mimi ndiye niliyesaini mkataba. Niwaambie wanunuzi kabla ya Jumamosi, au nikabidhi funguo nimwachie Mungu?*

*Kifungua mimba, Moshi*

---

Marahaba mwanangu. Pole, na mpe mama yako pole yangu. Amebeba jambo hili tangu 1986, na amelitoa kwako siku ya kufunga vyombo kwa sababu hapakuwa na siku nyingine iliyobaki.

Nianze na maneno yake, maana naona ninyi watoto mmeyapita haraka. Kaka yako amesikia kwamba mama anataka kuharibu biashara. Dada yako amesikia kwamba mama hataki kuhama. Lakini mama aliuliza, "namwacha na nani?" Aliyeuliza hivyo alikuwa ameshakupa funguo nne kwa mkono wake. Anachotafuta ni mtu wa kumwachia mtoto, na swali hilo bado hakuna aliyemjibu.

Kwa hiyo kabla hujaenda kwa wanunuzi, kaa naye tena, ninyi wawili tu. Mkikaa wote atageuka mama wa kusuluhisha ugomvi wa watoto na hatasema lake. Muulize taratibu anaposema hataki mtoto afukuliwe anamwona nani na jembe mkononi. Inawezekana anawaona mafundi wa msingi, watu asiowajua, wakikutana na mwanawe kwa bahati mbaya katikati ya zege na kelele. Hiyo ni hofu tofauti kabisa na ya kumwona mtoto akiinuliwa na ndugu zake wenyewe na kulazwa Kibosho kando ya baba yake. Huenda zote mbili hazitaki, nami sijui. Ila usichukue neno moja la "hataki" ukalifanya jibu la maswali mawili.

Kuna kitu kingine katika barua yako ambacho umekipita kwa sentensi fupi: mtoto hakubatizwa. Kama familia yenu ni ya Kikatoliki kama nyingi za Kibosho, fahamu kwamba wanawake wengi wa umri wa mama yako walikulia katika mafundisho yaliyowaacha na hofu kubwa kuhusu mtoto anayekufa kabla ya ubatizo, na wengi walizika kimyakimya bila padre wala katekista. Pengine hakuna aliyewahi kumwambia mama kwamba utaratibu wa mazishi wa Kanisa uliotoka 1969 una sala za mazishi ya mtoto ambaye wazazi wake walikusudia kumbatiza. Katekisimu ya 1992, aya ya 1261, inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu. Mwaka 2007 wanateolojia wa Vatikani walitoa waraka mzima kuhusu tumaini la wokovu kwa watoto hao. Mpeleke mama kwa paroko, au umwombe paroko aje Rau. Sala iliyokosekana 1986 inaweza kusaliwa hata leo, na paroko atawaeleza utaratibu wake. Huenda baada ya hapo mama akaweza kufikiri upya kuhusu mahali mtoto alipo. Na akibaki na msimamo wake uleule, basi utajua ni msimamo na si woga.

Sasa nije kwa wanunuzi. Umeuliza useme au unyamaze. Siwezi kukuamulia, maana hatua utakayochukua utaishi nayo wewe, lakini naweza kukuonyesha kila njia inaelekea wapi.

Tuanze na ukimya, kwa kuwa ndio unaoonekana rahisi. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, haisemi kwamba kila kunyamaza ni ulaghai. Inasema kunyamaza kunakuwa ulaghai pale ambapo mazingira yanamlazimu mtu aseme, au pale ambapo ukimya wenyewe ni sawa na kusema. Kuficha kwa makusudi jambo unalolijua kumehesabiwa humo moja kwa moja, na aliyelaghaiwa anaweza kuuvunja mkataba. Angalia ulipo wewe. Ulipousaini mkataba hukujua, kwa hiyo hukumdanganya mtu. Leo unajua, na unajua pia kwamba wamepanga kuchimba palepale. Utoe mkataba wenu uusome kipengele kwa kipengele. Mikataba mingi ya nyumba ina sentensi ya muuzaji kuthibitisha kwamba eneo halina mgogoro wala mzigo wowote. Kama ipo, na siku ya makabidhiano unasaini karatasi nyingine inayorudia maneno hayo, utakuwa unayasema safari hii ukiwa unajua. Mwonyeshe wakili kipengele hicho kabla ya Jumamosi, na mweleze pia kwamba mama alijua tangu mwanzo. Uzito wa jambo hilo ataupima yeye.

Na hapo ndipo ushauri wa kaka yako unapopungua. Simlaumu, ameingiza fedha yake kwenye gari na anaogopa kuipoteza. Lakini mkataba una saini yako kama msimamizi wa mirathi. Yakitokea ya kutokea, atakayeitwa ni wewe, na atakayeulizwa fedha zilikwenda wapi ni wewe. Mwambie hivyo kwa upole, na umwombe aje nawe mtakapowaona wanunuzi.

Fikiria pia ukimya huo unaishia wapi. Vyumba 3 vya kupangisha, hata vya meta 3 kwa 3, vikipangwa kwa mstari vinahitaji mtaro wa meta 9 na zaidi kwa urefu, na bado hujahesabu shimo la choo ambalo huenda chini mara kadhaa zaidi ya msingi. Mparachichi wa miaka yote hiyo hauondoki kwa panga, utang'olewa na kisiki chake, na ardhi iliyouzunguka yote itapinduka. Mafundi wakikuta mifupa ya binadamu, hata midogo kiasi gani, kazi inasimama. Anaitwa mwenyekiti wa mtaa, wanaitwa polisi, na swali la kwanza litakuwa nani aliishi hapa. Mama yako ataelezea kifo cha mwanawe mbele ya askari. Inawezekana pia wasikute kitu, na nitakueleza kwa nini. Hata hivyo Rau ni mtaa wa watu waliokaa pamoja miaka mingi. Jirani aliyeshika jembe amefariki, lakini alikuwa na mke na watoto, na mambo ya aina hii huwa yanajulikana nyumba mbili tatu. Yule mama kijana atakuja kuambiwa kisimani au kanisani, ameshahamia na watoto wake, na hapo kitakachomuuma zaidi ni kwamba mlijua.

Upande wa pili ni kusema, nao una hatari ambayo si ndogo. Wanaweza kusema hawataki tena. Wapo watu ambao hawawezi kulala kwenye kiwanja chenye kaburi lisilo la kwao, na huwezi kuwalaumu. Wakijitoa watadai milioni 60, na hizo zimeshagawanywa, nyingine ziko barabarani zimebeba mizigo. Nadhani hiki ndicho kinachowanyima usingizi wewe na kaka yako, kuliko kaburi lenyewe. Kiseme waziwazi kwenye kikao cha ndugu. Soma mkataba unasemaje upande mmoja ukijitoa, unarudisha nini na kwa muda gani. Lakini jihoji pia umejuaje kwamba watakimbia. Watu wa hapa Kilimanjaro wamekulia kwenye migomba yenye makaburi ya mababu, wakicheza pembeni yake na kupitia hapo kwenda kuchota maji. Kwa wengi kaburi la mtoto mchanga halitishi, ila wanataka kujua liko wapi na ni nani atakayelitunza. Wanaweza pia kuomba bei ishuke. Ndiyo maana nakusihi milioni 20 za mwisho zikilipwa zisigawanywe siku hiyo. Zibaki kwenye akaunti ya mirathi mpaka jambo hili litulie. Hiyo ndiyo akiba pekee mliyo nayo ya kufanyia mazungumzo, na kaka na dada waambiwe mapema ili asitokee wa kudai mgao wake getini.

Ukiamua kusema, usiseme kwa simu wala usisubiri Jumamosi. Siku ya funguo watakuja na furaha na jamaa zao, pengine na gari la vyombo, na habari hii ikitolewa hapo itaonekana kama mtego. Waombe waje siku ya kazi jioni, wao wawili tu. Mama asilazimishwe kuwepo, na akiwepo asiwe yeye wa kuomba. Wapeleke nyuma ya jiko, waonyeshe isale, na useme jambo lenyewe mapema: "Sisi watoto hili tumelijua juzi, baada ya kusaini. Hapa alizikwa mdogo wetu wa siku 4, mwaka 1986. Tumeona msikie kwetu." Halafu nyamaza uwaache waulize. Mkiwa mmeshapima, wanapata kitu cha kushika. Shika futi kamba, pima kutoka ukuta wa jiko mpaka kwenye isale na kutoka uzio mpaka hapo, chomeka vigingi vinne, uandike vipimo. Kaburi la mtoto wa siku 4 ni dogo sana. Ukizungushia eneo la meta 2 kwa 2 umelilinda na nafasi ya kutembea juu yake imebaki. Wao walikuwa wanawaza nyuma yote ya nyumba, na huenda wakaona kumbe ni kona.

Mkifika hapo mnaanza kuzungumza yeye alale wapi, na naona njia tatu.

Anaweza kubaki. Vyumba vinasogezwa upande mwingine, choo kinakaa mbali, na mti unaachwa au unapunguzwa matawi. Hili lina unafuu wake likisemwa sasa, kabla hawajachoresha ramani na kuomba kibali cha ujenzi manispaa, maana kubadilisha mstari kwenye karatasi si sawa na kubomoa msingi. Mnaandika nyongeza ya mkataba yenye vile vipimo, kwamba eneo hilo halitachimbwa, na kwamba mama na watoto wake wanaweza kuja kwa taarifa, tuseme mara moja kwa mwaka. Wakili aiandike na pande zote zisaini. Ila mweleze mama ukomo wake bila kumficha: ahadi hiyo inawafunga waliosaini. Wao wakiuza miaka 15 ijayo, mnunuzi wao hakusaini na ninyi. Mama akisema miaka 15 inamtosha, ni haki yake. Akisema anataka milele, hapa Rau hapana milele tena, na ni afadhali alijue leo.

Anaweza kuhamishwa kwenda Kibosho. Kufukua kaburi bila idhini ni kosa la jinai hata kama marehemu ni wenu, kwa hiyo msianze na jembe. Ile sheria ya kuhamisha makaburi ya mwaka 1969 ambayo watu huitaja imetungwa kwa ajili ya ardhi inayotwaliwa kwa matumizi ya umma, haiwahusu ninyi mliouza wenyewe. Mwende serikali ya mtaa, kisha kwa afisa afya wa manispaa, awaeleze vibali vinavyohitajika na kama mtapaswa kupata amri ya mahakama. Na kule Kibosho uongozi wa kijiji ujulishwe. Hili halimaliziki kufikia Jumamosi. Mnaweza kukabidhi nyumba na kuweka kwenye nyongeza kwamba familia ina miezi 3 ya kuingia na kumaliza jambo hilo, na kwamba kabla ya hapo hapachimbwi.

Mwandae mama kwa atakachokiona. Mifupa ya mtoto mchanga ni laini na myembamba, mingi bado haijakomaa. Katika udongo wenye unyevu wa migomba, ikiwa na mizizi ya mparachichi imepita humo miaka karibu 40, mnaweza msikute mfupa wowote, ni udongo tu wenye rangi tofauti kidogo, au kipande cha kitambaa. Familia ambayo haikuambiwa mapema huvunjika moyo hapo, wengine wakaanza kuchimba huku na kule wakidhani wamekosea mahali. Mkubaliane kabla kwamba msipokuta kitu mtachukua udongo wa pale, na huo ndio utakaokuwa mwili wake.

Njia ya tatu inafanana na hiyo ila ni nyepesi: kutofukua kabisa. Mnachukua udongo kidogo wa juu na chipukizi la lile isale alilopanda baba, mnapanda Kibosho kando ya kaburi lake, paroko anasali, na mahali pa Rau panaachwa pakiwa pamejulikana. Isale linaota kwa kipande, na Mchaga hahitaji kufundishwa maana yake penye mpaka, penye kaburi na penye kuombana radhi. Kama mzee yeyote wa ukoo atasema kumhamisha marehemu ni kuvunja mila, mkumbusheni kwa heshima kwamba wazee wa zamani, kabla ya Ukristo kushika, walikuwa na desturi ya kufukua baada ya muda na kuyahamishia mafuvu ya wakubwa wao kwenye migomba penye masale. Ilikuwa kwa watu wazima wenye uzao, si kwa vichanga, kwa hiyo haijibu jambo lenu moja kwa moja. Inaonyesha tu kwamba kumsogeza mtu wenu aje karibu na wenzake si wazo lililokuja na gari.

Dada yako anataka mauzo yavunjwe. Msikilizeni, msimcheke. Lakini muulizeni mama ataishi na nani Rau, na milioni 60 zitarudi kutoka wapi. Kama ana jibu la maswali hayo mawili, hilo nalo ni pendekezo la kujadiliwa. Kama hana, pengine naye analia nyumba, na anahitaji kupewa nafasi ya kuilia bila kuifanya hoja.

Nirudi kwenye ule ufunguo. Mkataba ukisema mtakabidhi funguo zote, basi ni zote. Msimwache mama aondoke na mmoja kwa siri kwa kumhurumia. Wiki ya tatu wakiibiwa jiko la gesi, na ikajulikana kuna ufunguo Kibosho, watakaoshukiwa ni ninyi. Waambieni wanunuzi kwamba mama angependa kubaki nao. Watu wengi wakihamia hubadilisha vitasa vyote, na huenda wakasema abaki nao tu, wao wataweka kitasa kipya. Lakini muulize mama kwanza kama ufunguo usiofungua kitu utamfariji au utamuumiza. Wapo wanaoutundika ukutani kwa upendo, na wapo ambao kila wakiuona wanaanza upya.

Siku yenyewe ikifika, ifuate utaratibu ili pasiwe na kuvutana mbele ya mama. Fedha kwanza: thibitisha benki kwamba milioni 20 zimeingia akaunti ya mirathi, usitosheke na ujumbe wa simu unaoonyeshwa na mtu. Halafu mzunguke nyumba pamoja, chumba kwa chumba, mkiandika kinachobaki na kinachoondoka, yakiwemo matangi, antena na hata ile miche ya migomba ambayo mtu anaweza kufikiri ni yake. Piga picha mita ya maji ikionyesha namba ilipofika, ulipe deni mpaka siku hiyo. Namba ya mita ya Luku iandikwe, na mwangalie kama ina deni, maana kodi ya jengo siku hizi inakatwa humo na huenda mita bado ina jina la marehemu baba. Funguo ziwe zimefungwa vikaratasi vya majina na zihesabiwe kwa sauti. Hati ya makabidhiano isainiwe na pande zote, mwenyekiti wa mtaa au mjumbe akishuhudia, na ile nyongeza ya kaburi ikiwa tayari imesainiwa siku kabla, si asubuhi hiyo. Nani atawapa funguo mkononi, mwachie mama achague. Akitaka kuwa yeye, na akataka kupitia mlango wa nyuma kwanza peke yake, gari lisubiri.

Na kama ukihesabu siku zilizobaki unaona kumsikiliza mama, kumwona paroko, wakili na wanunuzi havienei kabla ya Jumamosi, makabidhiano yanaweza kusogezwa. Omba wiki mbili kwa maandishi, ukitaja sababu ya kweli, mapema kabla hawajalipa gari la kuhamia. Kama wanaishi nyumba ya kupanga, waulize kodi yao inaisha lini. Ikiwa wiki hizo mbili zitawagharimu mwezi mzima mwingine, familia ijitolee kuilipa kutoka kwenye zile 20.